Mahojiano ya mbali: kila mmoja ajirekodi mwenyewe, au turekodi simu?

Simu ya kawaida ya sauti hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Yaliyo juu ya hapo hukatwa, na ndiko inakokaa tofauti ya s na f. Ndiyo maana msikilizaji anaweza kusikia "fisi" mgeni aliposema "sisi". Simu za mtandaoni, kama za WhatsApp au Zoom, hupitisha sauti pana zaidi, ila zina kasoro zake. Vipande vya sauti vinavyopotea njiani programu huviziba kwa kubahatisha, kelele husafishwa pamoja na ncha za maneno, na watu wawili wakizungumza kwa pamoja mmoja hufifishwa ili mwangwi usirudi. Kasoro hizi haziondoki kwa kuhariri, kwa sababu sauti yenyewe haikufika.

Jibu ambalo watayarishaji wa redio na podikasti wamelitumia kwa miaka mingi ni kuitumia simu kwa mazungumzo tu. Mtangazaji anajirekodi alipo, mgeni anajirekodi alipo, kisha traki mbili zinaunganishwa mezani. Matokeo yake yanaweza kusikika kama watu waliokaa chumba kimoja. Hilo halina ubishi. Penye ubishi ni gharama ya njia hii na nani anayeibeba, maana sehemu ya kazi ya fundi wa studio inahamishiwa kwa mgeni ambaye hakuomba kazi hiyo.

Tuchukue mtangazaji aliye Dar es Salaam na mgeni aliye Kigoma, mazungumzo ya saa moja, mgeni akiwa na simu janja moja tu. Hapa ndipo mipango mingi huharibika bila mtu kujua. Simu moja haiwezi kutegemewa kupiga simu na kujirekodi kwa wakati mmoja. Kwenye Android 10 na kuendelea, programu inayopiga simu hupewa maikrofoni, na programu ya kurekodi hupewa ukimya. Kinachotatiza ni kwamba kinasa hakilalamiki: saa yake inahesabu, faili linahifadhiwa, urefu wake ni sahihi, lakini ndani mna mstari ulionyooka. Kwenye iPhone, simu inaweza kukatiza kurekodi kabisa. Kwa hiyo mgeni anahitaji vifaa viwili, hata kama cha pili ni cha kuazima kwa ndugu. Na kabla ya swali la kwanza arekodi sekunde 20 akiwa tayari kwenye simu, azime, asikilize. Jaribio lililofanyika kabla simu haijapigwa halithibitishi kitu.

Simu ya mazungumzo iunganishwe na hedifoni. Bila hedifoni, sauti ya mtangazaji inatoka kwenye spika na kuingia kwenye rekodi ya mgeni, na traki zikiunganishwa kila swali linasikika mara mbili, la pili likichelewa kidogo. Hakuna chujio litakalolitoa bila kuikwangua sauti ya mgeni. Simu ya kurekodi iwekwe kwenye hali ya ndege, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige maikrofoni, ikilala juu ya kitambaa kilichokunjwa na si moja kwa moja juu ya meza. Hali ya ndege inazuia simu kuingia katikati, na pia inaondoa ule mlio wa "tutututu" ambao simu iliyo kwenye 2G huuingiza kwenye kinasa kilicho karibu. Kwa sababu hiyohiyo, simu ya mazungumzo iwe umbali wa mkono au zaidi.

Umbo la faili nalo lina uzito wake, hasa kwa mtu wa bando. WAV ya traki moja, sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, inakula takribani MB 346 kwa saa. M4A ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula takribani MB 58. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, M4A inatosha kabisa, na kumtaka mgeni apakie WAV ni kumtwisha mzigo ambao msikilizaji hatausikia. Ila alitume kama hati, wala si kwa kulicheza na kulirekodi upya kama ujumbe wa sauti, maana hapo ubora wote uliotafutwa unapotea hatua ya mwisho.

Sasa kuunganisha. Mtangazaji awe na faili mbili: sauti yake mwenyewe, na rekodi ya simu yote kama ilivyosikika upande wake. Hii ya pili wengi huiacha wakidhani haina kazi, kumbe ndiyo kiungo. Rekodi ya simu hulinganishwa na traki ya mtangazaji kwa sauti ya mtangazaji, kisha traki ya mgeni huwekwa juu ya sauti ya mgeni iliyo ndani ya rekodi hiyo. Desturi ni kupiga kofi mwanzoni ili mistari iwe na alama, lakini programu za simu mara nyingi huliona kofi kuwa kelele na kulifuta. Neno "tatu" likitamkwa kwa nguvu linafaa zaidi: kabla ya kila t kuna ukimya mfupi, halafu mchomo mkali unaoonekana wazi kwenye mchoro wa sauti. Mgeni aliseme mwanzoni, na alirudie mwishoni kabla ya kuzima.

Ile ya mwisho inahitajika kwa sababu saa za ndani za vifaa viwili hazikimbii sawa. Tuseme mwanzoni mistari imekaa sawasawa, na kwenye "tatu" ya mwisho, dakika 58 baadaye, mgeni amechelewa milisekunde 174. Haraka mtu atasema saa zimepishana. Huenda, lakini pia huenda ni mtandao: simu hubadilisha muda wa kuchelewa katikati ya mazungumzo, na rekodi ya simu ndiyo tuliyoitumia kama rula. Cha kufanya ni kupima dakika ya 29. Ikiwa tofauti hapo ni karibu milisekunde 87, yaani nusu, basi inakua taratibu, na hizo ni saa. Ikiwa hapo ni sifuri, kisha inaruka ghafla baada ya mahali simu ilipokwama, huo ni mtandao.

Tiba zake hazifanani. Kwa saa, gawanya 0.174 kwa sekunde 3,480: unapata 0.00005, yaani asilimia 0.005, na traki nzima ya mgeni huharakishwa kwa kiasi hicho. Sikio halitagundua. Au, bila kugusa kasi, kata kwenye vituo vya pumzi kila dakika kumi hivi na usogeze milisekunde 30. Kwa mtandao, kuharakisha traki nzima ni kuiharibu sehemu ya kwanza ambayo haikuwa na kosa. Unakata mahali pa mruko pekee na kusogeza kilichofuata.

Uhuru huu wa kusogeza ndio unaotoa hoja nzito zaidi dhidi ya njia hii, na haizungumzwi vya kutosha. Chukua kuchelewa kwa milisekunde 300 kila upande. Mgeni akijibu milisekunde 200 baada ya kusikia swali, upande wa mtangazaji jibu linaonekana limechukua 800. Mhariri analivuta nyuma, na anafanya haki, maana mgeni hakusita. Lakini chukua swali la fedha za umma, halafu ukimya wa sekunde nne. Je, alikuwa anafikiri, au swali lilikwama njiani? Rekodi ya simu peke yake haiwezi kusema. Traki ya mgeni inaweza kusaidia: ukiipandisha sauti sana, mara nyingi mnong'ono wa hedifoni yake unasikika kwa mbali, na hapo unaona swali lilimfikia lini. Pasiposikika kitu, ukimya huo haufai kufupishwa wala kurefushwa kana kwamba una maana. Kuunganisha traki kunampa mhariri nguvu juu ya muda wa majibu ambayo rekodi moja ya simu haimpi kwa urahisi hivyo, na kwa mahojiano ya kuwajibisha viongozi nguvu hiyo inataka mipaka iliyoandikwa mapema.

Upo pia upande wa mgeni. Kifaa chake kinaendelea kunasa wakati mtangazaji amekwenda kufunga dirisha: maneno ya pembeni, mtu wa nyumbani anayepita, simu nyingine inayojibiwa. Vyote hivyo vinakuja ndani ya faili. Mgeni aambiwe hivyo kabla hajabonyeza kitufe, na apewe nafasi ya kusema wapi pakatwe. Kwa upande wa pili, anayeshikilia rekodi ana uwezo wa kuondoa sentensi kabla ya kuituma. Rekodi ya simu ndiyo inayofichua hilo, kwani traki iliyokatwa itaachana nayo ghafla kwa urefu wa kile kilichoondolewa.

Huduma za kivinjari kama Riverside na Zencastr zinajaribu kumpunguzia mgeni kazi: zinarekodi kwenye kifaa chake na kupakia polepole wakati mazungumzo yanaendelea. Kwa mtu mwenye kompyuta na intaneti ya kudumu, hiyo ndiyo njia bora. Kwa mgeni wetu wa Kigoma, kupakia huko kunagombania bando na njia ileile inayobeba mazungumzo, na akifunga ukurasa kabla upakiaji haujakamilika, kilichobaki kinaweza kupotea.

Kwa hiyo uamuzi unategemea kipindi. Simulizi ya saa moja itakayohifadhiwa, au mahojiano yatakayochanganywa na muziki, yanastahili taabu hii. Habari ya dakika tatu itakayosomwa jioni haistahili, wala bibi wa miaka 80 anayesimulia maisha yake peke yake nyumbani. Mtu anayeitazama simu kila dakika kuhakikisha inarekodi huzungumza kwa sentensi fupi na sauti ya tahadhari, na hapo kinachopotea ni kikubwa kuliko s na f. Huyo arekodiwe kwa simu, au apelekewe mjukuu anayejua kubonyeza.

Simu ikikatika katikati, mgeni asizime kinasa chake. Faili moja refu lenye dakika tano za ukimya linaunganishwa kwa urahisi. Mafaili manne yasiyo na "tatu" mwanzoni mwake ni kazi ya usiku kucha. Na ikitokea traki ya mgeni ina pengo, sauti ya simu izibe jibu zima na si nusu sentensi, kwa sababu sikio linavumilia jibu lenye sauti ya simu kuliko neno linalobadilika rangi katikati.