Wafungwa 100 na masanduku 100: bahati ni ile ile, imepangwa upya

*"Wafungwa 100, masanduku 100, kila mmoja anafungua 50 akitafuta namba yake. Akikosa hata mmoja, wote wanauawa. Kila mtu ana nusu kwa nusu, na akitoka haruhusiwi kumwambia mwenzake kitu. Sasa mnasemaje kwamba wote wanaweza kupona kwa asilimia 31? Naona kuna mchezo hapo."*

Nusu kwa nusu ni kweli, na inabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Mbinu ya kufuata mizunguko haimwongezei mfungwa yeyote nafasi ya kuiona namba yake. Inachofanya ni kuwafunga pamoja: wanapopata, wanapata wote, na wanapokosa, wanakosa wengi kwa mpigo. Kwa kuwa sharti ni wote au hakuna, kufungwa pamoja huko ndiko kunakookoa.

Mbinu yenyewe ni fupi. Mfungwa anaanza na sanduku lenye namba yake kwa nje. Akikuta ndani kikaratasi cha namba nyingine, anakwenda kwenye sanduku lenye namba hiyo, na kuendelea hivyo mpaka akutane na namba yake au nafasi zimwishie. Akimaliza anafunga yote, anaacha kila kitu kama alivyokikuta.

Tuitazame kwa watu 10, kila mmoja akiruhusiwa masanduku 5. Vikaratasi vimewekwa hivi:

```
nje:    1   2   3   4   5   6   7   8   9  10
ndani:  7   5   9   1  10   6   4   2   3   8
```

Mfungwa wa 1 anafungua sanduku 1, anakuta 7. Anafungua la 7, anakuta 4. La 4 lina 1, ambayo ni yake, na amemaliza kwa hatua tatu. Wafungwa wa 4 na wa 7 watapita masanduku hayo hayo matatu, kila mmoja akianzia kwake. Wa 2, 5, 10 na 8 wana mzunguko wao wa manne. Wa 3 na wa 9 wanabadilishana, na wa 6 anaikuta namba yake mara moja. Mzunguko mrefu kuliko yote ni wa manne, hivyo wote 10 wanapona.

Sasa badilisha vikaratasi viwili tu: cha sanduku 1 kiende la 2, na cha la 2 kije la 1. Mfungwa wa 1 anakuta 5, halafu 10, 8, 2, 7, na nafasi zake tano zimekwisha. Ile mizunguko miwili, wa watatu na wa wanne, imeungana ikawa mmoja wa saba, na wote saba waliomo wanakosa. Wa 3, 9 na 6 wanapata, lakini haiwasaidii. Kila kitu kinategemea swali moja: je, kuna mzunguko wenye masanduku zaidi ya matano?

Uwezekano wa kuwapo mzunguko huo unapatikana bila hesabu nzito. Mfungwa yeyote akifungua sanduku lake la kwanza, nafasi ya kukuta namba yake ni 1 kwa 10. Asipoikuta (9 kwa 10), sanduku la pili lina nafasi ya 1 kwa 9, na 9/10 mara 1/9 inarudi kuwa 1/10. Hatua ya tatu ni hivyo hivyo, na ya nne, mpaka ya kumi. Kwa hiyo urefu wa mzunguko wake unaweza kuwa wowote kuanzia 1 hadi 10, kila mmoja kwa nafasi sawa ya 1/10. Akiruhusiwa hatua tano ana 5/10, yaani ile nusu ya muulizaji.

Angalia sasa mzunguko wa watu saba. Kila mmoja wa wafungwa 10 ana nafasi ya 1/10 ya kuwamo ndani ya mzunguko wa urefu huo, kwa hiyo kwa wastani ni mtu mmoja anayekuwamo. Lakini watu wa mzunguko wa saba hawaji mmoja mmoja. Wanakuja saba kwa mpigo, na mizunguko miwili ya namna hiyo haienei kwenye masanduku 10. Ili wastani uwe mtu mmoja, lazima mzunguko huo utokee mara 1 kwa 7. Wa sita utatokea mara 1 kwa 6, wa nane 1 kwa 8, na kuendelea. Jumlisha 1/6, 1/7, 1/8, 1/9 na 1/10, unapata 0.646. Kinachobaki, 0.354, ndiyo nafasi ya wote kupona. Kila mtu angechagua masanduku ovyo, ingekuwa 1 kwa 1,024.

Kwa wafungwa 100 unajumlisha kuanzia 1/51 hadi 1/100, na kinachobaki ni 0.312. Kwa 1,000 ni 0.307, na hata uwaongeze vipi hakishuki chini ya 1 − ln 2, takriban 0.3069. Ukipenda kujihakikishia, programu hii ya Python inatosha:

```python
import random

def jaribu(n, k):
    s = list(range(n))
    random.shuffle(s)
    for m in range(n):
        x = m
        for _ in range(k):
            x = s[x]
            if x == m:
                break
        else:
            return False
    return True

r = 20000
print(sum(jaribu(100, 50) for _ in range(r)) / r)
```

Jibu litacheza karibu na 0.31. Badilisha 50 kuwa 75 upate takriban 0.71. Ukishuka chini ya nusu, programu bado inafaa, ila usitumie tena ule ujumlishaji: wakiruhusiwa masanduku 30, mizunguko miwili mirefu inaweza kukaa pamoja, na utajikuta umehesabu maafa yale yale mara mbili.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Idadi ya wanaopata, kwa wastani, haijabadilika: kati ya 10 ni watano kwa mbinu yoyote ile. Mizunguko inakusanya mafanikio hayo kwenye siku chache nzuri, na siku mbaya zinalipia. Kunapotokea mzunguko mrefu, wanaopata hawazidi wanne, na wastani wao ni wawili na kidogo. Badilisha sharti uone. Mkuu wa gereza akisema "akipata hata mmoja, wote wako huru", kuchagua ovyo kunawapa zaidi ya asilimia 99.9, na mizunguko inawapa 90, kwa sababu mzunguko mmoja wa watu wote 10 hutokea mara 1 kwa 10. Na kama kila mtu anahukumiwa kivyake, mbinu haina faida wala hasara. Kwa hiyo anayeisifu bila kutaja sharti amesema nusu ya jambo.

Lipo pia pingamizi la mkuu wa gereza mwenye hila. Hesabu yote hapo juu inadhani vikaratasi vimechanganywa vizuri. Akiijua mbinu, ataweka 2 ndani ya sanduku 1, 3 ndani ya la 2, hivyo hivyo mpaka 1 ndani ya la 10, na hakuna atakayepona. Dawa ipo, lakini ndipo wengi wanapoteleza. Wanasema: tujipe namba mpya za siri, sisi na masanduku yetu. Haisaidii kitu. Ukibadilisha majina ya watu, masanduku na vikaratasi kwa orodha ile ile, mzunguko wa kumi unabaki wa kumi, umevaa majina mengine.

Kinachotakiwa ni kubadilisha namba za masanduku peke yake. Wafungwa wanapiga kura ya siri kupata orodha moja: namba fulani inaelekeza sanduku fulani. Tuseme orodha yao inaanza hivi: 1 inaelekeza sanduku 3, 4 inaelekeza la 6, 7 inaelekeza la 10. Mfungwa wa 1 anafungua la 3, na kwa mtego wa mkuu wa gereza anakuta 4. Anakwenda la 6, anakuta 7. Anakwenda la 10, anakuta 1. Mtego umekatika kwa hatua tatu. Orodha ikipatikana kwa kura ya kweli, mpango wowote wa mkuu unageuka kuwa wa bahati nasibu, na 0.354 inarudi. Gharama yake ni kwamba kila mfungwa lazima aishike orodha nzima, na kwa watu 100 ni namba 100 kichwani bila kosa. Ikimfikia mkuu kabla hajapanga, imekufa.

Nidhamu nayo haina mjadala. Mmoja akikataa na kufungua masanduku matano ovyo, nafasi ya kundi inakatwa katikati, kutoka 0.354 hadi 0.177. Wapo pia wanaokosea pa kuanzia. Kwenye mpangilio wetu wa kwanza, mfungwa wa 2 akianza na sanduku 3 anakuta 9, kisha 3, na amerudi alikotoka. Hata aongezewe masanduku mangapi, akibaki kwenye njia hiyo hataiona 2.

Je, ipo mbinu bora zaidi? Fumbo hili lilitokana na makala ya Anna Gál na Peter Bro Miltersen ya 2003, na wazo la kufuata mizunguko lilitoka kwa Sven Skyum, mwenzake Miltersen. Mwaka 2006 Eugene Curtin na Max Warshauer walithibitisha kwamba hakuna ya kuishinda. Walifikiria mchezo mlegevu zaidi, ambamo masanduku yaliyofunguliwa yanaachwa wazi, na anayeingia akiona namba yake tayari iko wazi hafungui kitu. Hapo sanduku lolote lililobaki limefungwa ni sawa na jingine, kwa hiyo mbinu zote zinatoa uwezekano mmoja, na uwezekano huo ni ule ule unaopatikana kwa kufuata mizunguko masanduku yakifungwa. Masharti ya kwanza ni magumu kuliko haya, hivyo hayawezi kutoa zaidi.

Kikomo hicho kinavunjwa na msaada wa nje peke yake, na unaohitajika ni mdogo mno. Mtu mmoja aruhusiwe kuingia kabla ya wote, aone masanduku yote, abadilishane vikaratasi viwili tu. Kama ule uhamisho wa masanduku 1 na 2 ulivyounganisha mizunguko miwili, kuurudia kunaitenga. Mzunguko mrefu kuliko nusu hauwezi kuwa zaidi ya mmoja, na hata ukiwa wa 100 unakatika kuwa 50 na 50. Wote wanapona, kila mara.