"YAH: KUKUMBUSHIA MALIPO": kichwa cha barua pepe kisemeje?

Ukipita kwenye ofisi ndogo za Mtwara mjini zinazouza huduma kwa taasisi, iwe uchapaji, chakula cha semina au matengenezo ya kompyuta, utakuta wengi wanakumbushia madai kwa mtindo mmoja. Kichwa kinaanza na YAH kwa herufi kubwa, kisha mwili wa barua unaanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Wanaoutetea wana hoja. Barua ya kiserikali ina umbo lake, masjala wanalijua, na mhasibu anayeiona hana shaka kwamba jambo ni rasmi.

Shida ni kwamba mhasibu huyo anaisoma kwenye simu. Orodha ya barua inamwonyesha maneno machache ya kichwa, na chini yake mwanzo wa sentensi ya kwanza. Tuchukue duka la uchapaji lililopeleka vitabu 300 vya mahesabu tarehe 2 Septemba, ankara namba 0147 ya Sh 1,860,000, muda wa kulipa siku 30. Kichwa "YAH: KUKUMBUSHIA MALIPO YA DENI LA HUDUMA YA UCHAPAJI" kwenye simu nyingi kitakatika karibu na "DENI LA". Kinachofuata kuonekana ni "Tafadhali husika na kichwa cha". Mhasibu ameshaona neno deni kwa herufi kubwa, ila hajui ni ankara ipi wala ya lini. Amekereka na hajaelewa. Kwangu hayo ni matumizi mabaya ya nafasi mbili pekee ambazo una hakika zitaonekana.

Linganisha na hiki: "Ankara 0147: malipo ya 2 Oktoba". Kinaenea chote, na namba hiyo mhasibu anaweza kuitafuta kwenye barua zake akaipata. Hakimtaji mtu wala kosa, kinataja karatasi na tarehe.

Wapo watakaosema ni kikavu mno, kwamba huwezi kumvamia mtu na namba kabla ya salamu. Huku kusini mtu anayeanza na pesa kabla ya "habari za kazi" anaonekana hana adabu, na malalamiko hayo nayaona ya haki. Lakini salamu haihitaji aya nzima: "Habari za kazi, mama. Ankara 0147 ya vitabu 300 mlivyopokea 2 Septemba hatujaiona kwenye akaunti yetu hadi leo, 6 Oktoba; kiasi ni Sh 1,860,000." Sema "hatujaiona", usiseme "hamjalipa", kwa sababu huenda wamelipa na benki haijaingiza. Kiasi kibaki ndani, mwishoni mwa sentensi, kisikae kwenye kichwa wala mwanzoni mwa barua. Taarifa za barua huchungulia hata kwenye simu iliyofungwa, na si kila aliyekaa karibu na mhasibu anapaswa kujua ofisi inadaiwa nini.

Ule mstari wa "kama umeshalipa, puuza ujumbe huu" wengi wanauweka mwanzoni kwa upole. Uweke mwisho. Ukiwa juu, msomaji anaishia hapo.

Penye ubishi hasa ni sentensi ya pili. Mimi ningeandika: "Je, kuna hati yoyote inayokosekana upande wetu?" Anayepinga atasema umempa mdaiwa kisingizio cha kuchelewesha tena, na mara nyingine ndivyo inavyokuwa. Ila kwenye taasisi malipo hukwama kwa mambo madogo: hati ya kupokelea mzigo haina saini, au risiti ya EFD haikuambatishwa. Kwa mtu mmoja mmoja anayekukwepa, swali hilo halina kazi. Muulize atalipa tarehe ngapi.

Usianze pia kwa kutaja namba ya kutumia pesa, hasa namba mpya. Nchi nzima inaijua meseji ya matapeli, "ile pesa tuma kwenye namba hii", na ukumbusho unaofanana nayo unafutwa. Andika tu "akaunti ni ileile iliyo kwenye ankara", kisha uiambatishe ankara yenyewe.

Ukumbusho wa pili ujibu ule wa kwanza, mazungumzo yabaki sehemu moja. Wa tatu ndipo kishawishi cha "ONYO LA MWISHO" na "hatua kali za kisheria" kinapokuja. Ukali unasomwa, siukatai, lakini mwenye duka asiye na nia ya kwenda mahakamani ameshatoa ahadi asiyoitimiza, na mhasibu mzoefu anamjua. Afadhali aandike kile atakachokifanya kweli: "Oda yenu ya Novemba tutaianza ankara 0147 ikishalipwa." Kwa ofisi ya serikali inayotaka barua rasmi, iandike kamili yenye Kumb. Na. na YAH yake, iwe kiambatisho. Kichwa cha barua pepe kibaki kifupi vilevile.