Nyumba yangu, ardhi ya mwingine

"Nje ya Malindi mashamba tele, mbona mitaa ya Maweni na Kisumu Ndogo watu wamebanana hivi? Na mradi wa barabara ukija, mbona wengine hulia?"

Kubanana huku kuna asili yake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili ardhi katika ukanda wa maili 10 za Pwani. Aliyekuwa na ushahidi wa kudai alipata hati, na wengi wa waliopata walikuwa wenye mashamba makubwa. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo hawakupata chochote, na vizazi vyao leo huitwa maskwota. Kisha mji ukakua, hoteli zikaja, na mfanyakazi akahitaji mahali pa kulala anapoweza kufika kazini kwa miguu. Hapo ndipo wenye mashamba wakaanza kukodisha viwanja. Unalipa kodi ya ardhi, unajenga, kuta na paa ni vyako, udongo si wako. Pwani tunaiita nyumba bila ardhi.

Mpango huo wenyewe ndio unaobana watu. Mara nyingi mwenye ardhi hukataa ujenge nyumba ya kudumu, maana akikuruhusu matofali, kukutoa kunakuwa vigumu. Basi unajenga kwa boriti, udongo na makuti. Huwezi kupandisha ghorofa juu ya ukuta wa udongo, kwa hiyo ukitaka kipato zaidi unapanua chini. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, ina ua nyuma wenye choo na kisima. Ukipungukiwa, unaongeza chumba uani, kisha kingine. Choo hakisogei, kisima hakisogei, watu wanaongezeka. Jirani naye anafanya vivyo hivyo, na uchochoro unabaki wa kupitisha mkokoteni mmoja wa maji. Moto ukishika makuti, gari la zimamoto haliingii.

Sasa tuje kwenye mradi. Malindi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika KISIP, mpango wa kitaifa wa kuboresha makazi duni ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Kazi za mpango huo ni zile tunazoziona: barabara, mitaro, maji, taa ndefu za mulika mwizi. Taa peke yake hubadilisha jioni. Mama wa viazi karai aliyekuwa akifunga giza likiingia anakaanga hadi saa tatu usiku, na binti anayetoka kazini harudi tena kwa kukimbia. Mtaro ukijengwa vizuri, maji ya mvua hayaingii chooni na kurudi kisimani. Sitaki mtu adharau mambo haya.

Lakini hesabu iko kwenye upana wa barabara. Tuseme uchochoro ni wa mita 1.5 na mchoro unataka mita 6. Kila upande utoe mita 2.25. Mbele ya nyumba yetu kuna baraza ya mita moja, kisha vyumba vya mbele vyenye kina cha mita 3. Baraza inakwenda, na mita 1.25 za vyumba zinakwenda. Kinachobaki, mita 1.75, kitanda hakitoshi na njia ya kupita. Vyumba viwili kati ya sita vimekufa, na kama mwenye nyumba alikuwa akivikodisha, kodi yake imekatika. Barabara ikiwa ya mita 4, kila upande hutoa mita 1.25: baraza inapotea, ukuta unarudi nyuma sentimita 25, vyumba vyote vinabaki, na gari la zimamoto lenye upana wa mita 2.5 linapita. Ndiyo maana naona wakazi wapiganie mita kabla ya kupigania fidia.

Fidia yenyewe, kwa masharti ya Benki ya Dunia, humfikia hata asiye na hati kama jengo lake lilikuwapo kabla ya tarehe ya mwisho iliyowekwa ya kuhesabu majengo. Mpangaji hana jengo. Yeye husaidiwa kuhama, na akitaka kurudi hukuta kodi imepanda kwa sababu ya taa na lami.

Hati nazo zina pande mbili. Anayepata hati hujenga kwa matofali na hulala bila hofu. Lakini pia anaweza kuuza, na shida ikimkaba atauza kwa mwenye fedha. Wakazi wa Tanzania-Bondeni kule Voi waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walichagua ardhi ishikwe na jamii nzima, kila mtu amiliki nyumba yake tu, kiwanja kisiuzwe. Ni nyumba bila ardhi ileile, ila mwenye ardhi ni wao wenyewe. Tatizo ni kwamba benki hazipendi kukopesha juu ya ardhi isiyouzika, na anayetaka kuhama hulipwa nyumba tu. Mimi bado naona kwa mtaa wenye wazee wengi na kipato kidogo, huo ndio mlango wa kuanza kubisha, kabla mchoro wa barabara haujatiwa sahihi.