Urefu wa Chaneli Kwanza, Mkondo Baadaye

“Nikipunguza mkondo wa transista, ukinzani wa kutoa, ro, unapanda na ukuzaji unapanda. Kwa nini basi nirefushe chaneli na kupoteza kasi?”

Swali hili la mbunifu wa hatua ya ukuzaji yenye transista ya MOS lina haki yake, na wengi wanaolijibu kwa kumkemea muulizaji hawampi haki hiyo. Katika saturesheni, volteji ya dreni inapopanda, ncha ya chaneli iliyo upande wa dreni hukauka na kurudi nyuma kidogo kuelekea sosi. Chaneli inayobaki ni fupi zaidi, kwa hiyo mkondo huongezeka taratibu badala ya kutulia. Ongezeko hilo tunaliandika kwa kigezo λ, na ukinzani wa upande wa kutoa unakuwa ro = 1/(λ·ID), ID ikiwa mkondo wa dreni. Ukigawanya mkondo kwa 4, ro inazidishwa kwa 4, na hapo muulizaji hajakosea hata kidogo.

Lakini ukuzaji wa transista moja si ro peke yake. Ni gm·ro, na gm, yaani kadiri mkondo wa dreni unavyoitikia volteji ya geti, nayo hushuka mkondo unaposhuka. Kwa transista ya ukubwa uleule, gm hupungua kwa kipeuo cha pili cha mkondo: ukigawanya mkondo kwa 4, gm inagawanywa kwa 2. Faida inayobaki ni mara 2 tu, na inatokana na kushuka kwa volteji ya ziada, Vov, yaani kiasi ambacho volteji ya geti inazidi kizingiti. Ukiziunganisha hesabu hizo, mkondo unatoweka kabisa katika fomula:

```
gm·ro = 2 / (λ·Vov)
```

Tuchukue transista ya N yenye urefu wa chaneli, L, wa mikromita 0.2 na upana, W, wa mikromita 4, ambayo hubeba mikroampea 100 kwa Vov ya volti 0.2. Tuseme λ yake ni 0.4 kwa volti. Hapo gm ni milisimensi 1, ro ni kiloomu 25, na ukuzaji ni 25. Mkondo ukishushwa hadi mikroampea 25, Vov inakuwa volti 0.1, gm inakuwa milisimensi 0.5, ro inafika kiloomu 100, na ukuzaji unafika 50. Sasa rudisha mkondo wa mikroampea 100, kisha ufanye L iwe mikromita 0.4 na W iwe mikromita 8. Kwa kuwa λ hupungua takriban kwa kadiri L inavyoongezeka, sasa ni 0.2, ro ni kiloomu 50, gm imebaki milisimensi 1, na ukuzaji ni 50 uleule.

Hapa ndipo neno “kasi” linapohitaji kuchunguzwa, maana kuna kasi mbili. Ya kwanza ni ya transista yenyewe, inayotokana na uwiano wa gm na kapasitansi ya geti. Geti iliyorefushwa na kupanuliwa ina eneo mara 4, hivyo kasi hiyo inashuka hadi robo, na hasara hiyo ni ya kweli. Ya pili ni ya hatua nzima ikiendesha mzigo. Mzigo ukiwa pikofaradi 1, zao la ukuzaji na masafa ni gm/(2π·CL), CL ikiwa kapasitansi ya mzigo huo, yaani takriban megahezi 159, na namba hiyo haikuguswa na urefu. Aliyepunguza mkondo amebaki na megahezi 80. Geti yetu ndefu, kwa makadirio ya kawaida ya oksidi ya teknolojia hiyo, ina femtofaradi kama 18, kiasi kidogo mno mbele ya mzigo wa pikofaradi 1. Kwa hiyo katika hatua yenye mzigo mzito kasi inayolalamikiwa haipotei, na nadhani hii ndiyo sehemu ya hoja inayosahauliwa zaidi.

Upande wa pili bado una jibu zuri. Atasema: sikushusha mkondo kwa uzembe, nitapanua transista fupi hadi W ya mikromita 8, niweke mikroampea 50, nipate Vov ya volti 0.1 na gm ya milisimensi 1, nikitumia nusu ya umeme wako kwa nusu ya eneo lako la geti. Kwa kifaa kinachoishi kwa betri hoja hii ina uzito mkubwa. Bei yake ni kapasitansi ya dreni, kwa kuwa dreni yake ni pana mara mbili ya ile ya mikromita 4 aliyoanza nayo.

Hata hivyo njia hiyo ina dari, na dari hiyo ndiyo inayonifanya nisimame upande wa urefu. Fomula ya 2/(λ·Vov) inaahidi ukuzaji usio na kikomo Vov ikikaribia sifuri, na ahadi hiyo ni ya uongo. Kizingiti kinapokaribiwa, mkondo huacha kufuata sheria ya mraba na kuanza kufuata ya kipeo, na gm haiwezi kuzidi ID/(n·VT), ambapo VT ni volteji ya joto na n ni kigezo cha mteremko chini ya kizingiti. Kwa n ya 1.4 na joto la chumba, n·VT ni takriban milivolti 36. Ukuzaji wa juu kabisa unakuwa 1/(λ·n·VT): kwa transista fupi yenye λ ya 0.4 ni 69, kwa ndefu yenye 0.2 ni 139. Punguza mkondo utakavyo, 69 hutaipita. Tena dari huanza kubana mapema: pale kwenye Vov ya volti 0.1 ambapo karatasi ilisema 50, hesabu inayozingatia mpito huo inatoa kama 35, ilhali transista ndefu kwenye volti 0.2 inatoa kama 42. Mkondo unakusogeza ndani ya chumba, lakini urefu ndio unaoinua dari.

Namba hizo zote zinategemea λ, nayo isichukuliwe kwa imani. Shikilia volteji ya geti, soma mkondo wa dreni katika volti 0.6 na volti 1.0. Ukipata mikroampea 124 na 140, mteremko ni mikrosimensi 40, ro ni kiloomu 25, na mstari ukirefushwa nyuma utakata mhimili kwenye volti −2.5, ambayo ni −1/λ. Ukisoma tena kati ya 0.3 na 0.4 mteremko ukawa mkali zaidi, basi uko karibu mno na ukingo wa saturesheni na λ yako haifai hapo. Katika teknolojia zenye dozi ya ziada ya uchafuzi kwenye ncha za chaneli, L ikizidishwa kwa 2, ro huenda isifike mara 2. Upande wa pili ukitaja jambo hili, uko sahihi, na dawa ni kupima urefu ule hasa unaotaka kuutumia.

Niliwahi kuona hatua iliyorefushwa ikitoa ukuzaji wa 17 mahali pa 50 iliyotarajiwa, na mwenyewe akahukumu kwamba kurefusha hakuna faida. Mzigo wake ulikuwa transista ya P iliyoachwa fupi, yenye ro ya kiloomu 25. Kiloomu 50 sambamba na 25 ni 16.7, na kwa gm ya milisimensi 1 ndiyo 17 ile. Aliporefusha transista ya P hadi nayo ikafika kiloomu 50, ukuzaji ulipanda hadi 25.