Miwa Kariakoo, Mimi Manzese, Katikati Maji

Mimi nauza juisi ya miwa. Toroli langu linalala Kariakoo, mimi nalala Manzese, na kati yetu kuna Jangwani. Ukiwa mgeni wa Dar es Salaam utadhani Jangwani ni mahali pakavu. Ngoja Aprili.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba maji ya Jangwani hayahitaji hata mvua ya mjini. Mto Msimbazi unaanzia huko juu kwenye milima ya Pugu. Kwa hiyo unaweza kuamka Manzese, anga jeupe, ukavaa shati safi, ukafika Magomeni ukakuta watu wamepanga mstari wanaangalia maji kama wanaangalia mpira. Mvua imenyesha Pugu usiku, bili imeletwa kwetu asubuhi. Barabara ya Morogoro imefungwa. Kigogo nako ukiuliza wanakucheka. Imebaki kuzunguka Kinondoni hadi daraja la Salenda, na huko wamezunguka wote, foleni imesimama mpaka wauza karanga wanakujua jina.

Na hata nikifika, namuuzia nani? Mtu aliyeloa mpaka soksi hataki juisi yenye barafu. Siku ya jua nauza glasi 60 za shilingi 500, elfu 30. Nikitoa miwa, barafu, ndimu na tangawizi, nabaki na kama elfu 13. Siku moja ya masika haya niliuza glasi saba, na mbili kati ya hizo nilikunywa mwenyewe ili mashine isionekane imelala. Muwa nao haungoji. Ukishakatwa, siku chache tu unaanza kunywea na kuchachuka ncha. Mzigo mzima uliniharibikia upande wa pili wa maji huku nikiusikitikia kutoka Manzese, kama mtu aliyefiwa akakosa nauli ya mazishi.

Nikasema nitafute cha kufanya. Vijana wa mtaani wanabeba watu mgongoni kuwavusha. Nikaenda. Mteja wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye mwili wa heshima, na hatua ya tatu mguu wangu ukagusa ukingo wa chemba isiyo na mfuniko. Kwenye yale maji meusi huioni chemba mpaka ikuone yenyewe. Nikarudi nyuma, nikamshusha yule baba palepale nilipompandishia, nikamrudishia pesa yake na kuomba radhi. Kazi ile iliishia hapo.

Wazo la kweli alilitoa Mama Zuhura, tena kwa hasira. "Baba Zuhura, wewe unahangaika na watu wa ng'ambo. Huku upande wetu watu hawali?"

Nikatoka kibarazani nikatazama. Uchochoro wetu uko juu kidogo, haujai. Nyumba zimejaa watu waliokwama: bodaboda, mafundi ujenzi, wamachinga wenzangu. Wote wana njaa, na wote wana mkaa uliolowa. Mkaa wa masika ni wa kizee: mzito, unapasuka, unatoa moshi, na kisado kimeshapanda bei kwa sababu magari hayafiki. Ugali utasonga kwa mkaa huo, wali utapika. Maharage? Yanakula moto saa tatu. Kwa hiyo watu wameacha kupika maharage, ila hawajaacha kuyataka. Hapo ndipo pesa ilipokuwa imejificha, hatua 20 kutoka kitandani kwangu.

Siku ya kwanza nilinunua kilo nne kwa elfu 12, mkaa wa 3,000, kitunguu na chumvi 1,000. Jumla elfu 16. Nikabandika yakiwa makavu, kiume. Saa nne baadaye nusu yalikuwa uji na nusu yalikuwa kokoto. Muuzaji alikuwa amechanganya ya msimu huu na ya zamani. Yale ya zamani yalikuwa yamefifia rangi na kukunjamana, nami nilikuwa nimeyaona kwenye mfuko nikadhani ni uzuri wao. Kwa hasira nikatia magadi yaharakishe. Magadi kidogo yanalainisha, hilo ni kweli. Mimi nilitia kwa kipimo cha hasira. Jirani alionja, akafumba macho, akaniuliza, "Baba Zuhura, haya ni ya kula au ya kufulia?"

Niliuza vikombe 38 kwa 500, elfu 19. Faida elfu tatu, na aibu isiyo na bei.

Siku ya pili ndiyo ilitaka kutumaliza. Mvua ya kishindo, upepo unaingia kibarazani, nikaingiza jiko chumbani na kufunga mlango ili moto usizimike. Moshi hakuna, mkaa umeshika vizuri, mwekundu kabisa, nikajiona fundi. Baada ya muda Mama Zuhura anasema kichwa kinamgonga. Mimi nami nasikia kizunguzungu na kichefuchefu, nikadhani ni njaa. Mtoto amelegea. Bahati jirani alikuja kuazima chumvi, akapiga kelele, akafungua mlango na madirisha, akatutoa sote nje kwenye mvua, kisha tukaenda zahanati. Mkaa hata usipotoa moshi unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Sasa jiko linakaa kibarazani chini ya bati, pande mbili wazi, nami nakaa karibu nalo kwa koti la mvua kama mlinzi wa benki. Maharage yakichelewa, yachelewe.

Sasa nimejifunza adabu. Naloweka kuanzia jioni, namwaga maji yale asubuhi, natia mapya. Moto unapungua karibu theluthi, mkaa wa 2,000 unatosha. Chumvi naweka mwishoni, na nyanya siweki kabisa mpaka yaive, maana ule uchachu unayafanya yagome. Kilo nne kavu zikivimba zinanipa vikombe kama 50 pamoja na mchuzi. Hiyo ni elfu 25, gharama elfu 15, nabaki na elfu 10. Sijafika elfu 13 ya miwa, lakini sijavuka mto.

Isipokuwa nyongeza! Watoto wanatumwa na bakuli, wanakutazama kwa macho yale, unatia kijiko cha juu. Vijiko vitano ni kikombe. Halafu wapo wa "niandikie". Daftari langu lina bodaboda watatu wanaosema watalipa barabara ikifunguka, na kila asubuhi mimi na wao tunatazama anga kwa nia tofauti.

Yakibaki nayo ni mtihani. Joto hili la Dar, sufuria ikifunikwa yakiwa moto, asubuhi unakuta povu na harufu kali, yameshachacha. Hayo namwaga, hata Mama Zuhura akininunia. Ndiyo maana napika kilo nne na si sita, hata siku mtaa mzima unapoita.

Juzi jua limetoka. Wametangaza Jangwani panapitika. Nikavaa shati, nikachukua kitambaa cha kufutia mashine, nafika mlangoni Mama Zuhura ananiambia niache elfu 12 za maharage ya kesho. Nikamkumbusha kwamba biashara ile ilikuwa ya masika tu.

"Yako ndiyo ya masika," akasema, huku akisukuma bakuli la mtoto wa jirani. "Na kabla hujaenda, kaloweke."