Juisi ya ukwaju ikibadilishwa mapishi: uhariri BOM, ufungue toleo jipya, au uanze bidhaa mpya?

Katika viwanda vya Changamwe na Shimanzi, mapishi yakiguswa tu mvutano huanza. Meneja wa uzalishaji anataka karani aingie kwenye ERP, mfumo wa kompyuta unaoendesha kiwanda, abadilishe namba mbili tatu katika orodha ya malighafi, ile BOM, na kazi iendelee. Mhasibu na mtu wa ubora wanataka lifunguliwe toleo jipya lenye tarehe ya kuanza na jina la aliyeliidhinisha. Watu wa mauzo nao, habari ikiwafikia, huuliza kama hii bado ni bidhaa ileile. Nadhani wote watatu wana hoja, na kila hoja ina mahali inapofikia kikomo. Nitazipima kwa mfano niliouunda mwenyewe, lakini wa kawaida kabisa hapa Mombasa: juisi ya ukwaju ya chupa za nusu lita.

Bachi moja ni lita 1,000, yaani chupa 2,000. Mapishi ya zamani yanataka sukari kilo 120. Mapya yanateremka hadi kilo 90, na utamu uliopungua unarudishwa kwa sukralosi. Sukralosi ina utamu wa takriban mara 600 ya sukari, kwa hiyo gramu 50 zinakaribia kufidia zile kilo 30. Kipimo kamili huamuliwa kwa kuonja, maana ukali wa ukwaju nao hubadilisha utamu unavyosikika mdomoni.

Wanaotaka kuhariri BOM iliyopo wana hoja ambayo wapinzani wao huisahau. Katika mifumo mingi ya ERP, oda ya uzalishaji ikifunguliwa hunakili BOM na kubaki na nakala yake. Ukibadilisha BOM leo, oda ya mwezi uliopita bado inaonyesha kilo 120. Kwa kiwanda cha watu wachache na bidhaa chache, hilo linaweza kuonekana kuwa kumbukumbu ya kutosha.

Lakini nakala hiyohiyo ndiyo inayoleta balaa kwa oda zilizokwisha kufunguliwa. Tuseme Jumatatu mpangaji ametoa oda tano za wiki nzima. Jumanne, kabla bachi yoyote haijapikwa, karani anahariri BOM na wapishi wanaambiwa waanze na kilo 90. Oda zote tano bado zimebeba kilo 120. Kama mfumo umewekwa ukate malighafi wenyewe bachi inapofungwa, utakata kilo 600 kwa wiki hiyo, ilhali tangini zimeingia 450. Stoo inabaki na kilo 150 zisizo vitabuni, ambazo ni magunia matatu ya kilo 50. Magunia hayo yakitoka usiku, hakuna ripoti itakayoonyesha upungufu. Upande wa pili, gramu 250 za sukralosi zimetumika bila oda yoyote kuzitaja, na vitabu vinasema bado zipo.

Kosa hili lina alama yake. Ukihesabu stoo ukakuta sukari imezidi kwa kiasi kinachogawanyika kwa 30, na sukralosi imepungua kwa kiasi kinachogawanyika kwa 50, usiende kwanza kwa mlinzi wala kwenye mizani. Tafuta oda zilizofunguliwa kabla ya mabadiliko na kufungwa baada yake. Kinga yake ni kazi ya dakika chache: kabla ya kugusa BOM, toa orodha ya oda zote zilizo wazi. Ambazo hazijaanza, ziamuru zisome BOM upya. Business Central ina `Refresh Production Order` kwa kazi hiyo, na SAP ina `Read PP Master Data`. Zilizokwisha kuanza, zimalizike kwa mapishi ya zamani, hata kama meneja ana haraka.

Hasara nyingine ya kuhariri haraka imejificha kwenye maji. Kilo moja ya sukari ikiyeyuka huchukua nafasi ya takriban lita 0.62. Ukiondoa kilo 30, umeondoa pia karibu lita 18.6 za ujazo. Asipoongeza mtu maji, tangi litatoa lita 981 na ushei, na chupa zitapungua kama 37 kwa kila bachi. Viwanda vingi haviweki maji kwenye BOM kwa sababu hayakai stoo wala hayana bei ya manunuzi inayofuatiliwa. Matokeo yake, karani anayebadilisha mstari wa sukari haoni mstari mwingine wa kurekebisha. ERP inaendelea kutarajia chupa 2,000, na upungufu unaandikwa kama umwagikaji kwenye mashine ya kujazia. Mwendeshaji wa mashine ile atalaumiwa kwa wiki kadhaa kwa jambo lililoamuliwa ofisini. Hili linaniuma zaidi ya hesabu yenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kutaka kila badiliko la mapishi lipite kwa mtu wa pili anayelijua jiko kabla halijaanza kutumika.

Toleo jipya linampa mtu huyo wa pili nafasi ya kuliangalia badiliko likiwa bado rasimu. Baadhi ya mifumo haikupi hata uchaguzi: katika ERPNext, BOM ikishawasilishwa kipimo chake hakihaririwi, lazima ufungue nyingine, kisha alama ya `Is Default` iamue ipi itachukuliwa na oda mpya. Business Central huyapa matoleo tarehe ya kuanza, na toleo halitumiki mpaka liwekwe `Certified`.

Faida nyingine inaonekana kwenye gharama. Tuchukue sukari ni shilingi 150 kwa kilo na sukralosi shilingi 6,000 kwa kilo. Kila bachi inaokoa shilingi 4,500 na kuongeza 300, hivyo faida halisi ni 4,200. BOM ikihaririwa kimyakimya bila gharama ya kawaida inayotarajiwa kwa bachi kukokotolewa upya, zile 4,200 zitajitokeza kila bachi kama ufanisi wa wapishi. Toleo lenye tarehe linamwonyesha mhasibu mahali hasa gharama ilipoteremka na kwa nini.

Hata hivyo, wanaolalamikia matoleo hawalalamiki bure. Bidhaa iliyorekebishwa mara nyingi bila usafi hujikuta na BOM saba zilizo hai, mbili kati yake zikiwa za majaribio, na mpangaji mgeni anachagua kwa kubahatisha. Toleo la zamani lisipofungwa siku jipya linapoanza, umekuwa na mapishi mawili halali kwa wakati mmoja, na hapo ni heri yule aliyehariri, kwa sababu yeye angalau ana moja.

Sasa, linaanza lini? Hapa ndipo naachana na wenzangu wengi wanaopenda tarehe. Sukralosi ni kiambato kipya, hivyo lazima iingie kwenye orodha ya viambato iliyochapishwa kwenye lebo. Tuseme stoo kuna lebo za zamani 23,000, zinazotosha bachi 11 na kubaki 1,000. Ukiandika kwamba toleo la pili linaanza tarehe 1, umebashiri kwamba siku hiyo lebo zitakuwa zimekwisha. Sukari ikichelewa bandarini na ukapika bachi nane tu, lebo 7,000 zinakwenda jaani. Na Ramadhani ikikaribia, maduka ya Kongowea na Mji wa Kale yakiagiza maradufu, lebo za zamani zitakwisha kabla ya tarehe. Wafungashaji watabandika mpya juu ya juisi ya zamani, kwa sababu mashine haiwezi kusimama. Hali ya kinyume ndiyo mbaya zaidi: juisi yenye sukralosi ndani ya chupa isiyoitaja. Anayesoma lebo kwa sababu za afya amedanganywa, hata kama hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo mpaka wa toleo ufuate lebo, tarehe iwe makadirio tu. SAP inaweza kuweka kiambato kinachotumika mpaka kiishe kisha kingine kishike nafasi yake, lakini hapa hilo peke yake halitoshi, kwa sababu lebo na sukari lazima zibadilike katika bachi ileile. Njia inayofanya kazi karibu katika mfumo wowote ni kuipa lebo mpya msimbo wake wa stoo. Toleo la kwanza linaita `LEBO-UKW-01`, la pili linaita `LEBO-UKW-02`, na lebo zitolewe stoo kwa kusoma msimbo pau dhidi ya oda. Karani akichukua boksi la zamani kwa oda ya toleo la pili, mfumo uliowekwa vizuri unamkatalia. Ulinzi huo unatoweka kama lebo nazo zinakatwa na mfumo wenyewe mwisho wa bachi, kwa sababu hakuna aliyesoma chochote. Sukari inaweza kukatwa hivyo, lebo zisikatwe.

Hoja ya watu wa mauzo nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ngumu. Msimbo mpya wa bidhaa unatenganisha shehena mbili waziwazi, kwenye ghala na kwenye risiti. Gharama yake ni kwamba historia ya mauzo inakatika, makadirio ya manunuzi yanaanza upya, na kila supamaketi lazima isajili bidhaa upya kwenye mashine zake. Kanuni za GS1 kuhusu namba ya msimbo pau zinasaidia: namba mpya inahitajika pale badiliko la mapishi linapogusa maelezo ambayo sheria inataka yawe kwenye lebo, na mwenye bidhaa anatarajia mnunuzi au mfanyabiashara aone tofauti. Kwa juisi yetu sharti la kwanza limetimia. La pili linategemea utakachoandika mbele ya chupa. Ukitangaza kwamba sukari imepunguzwa, unamtaka mnunuzi atofautishe, na namba mpya haiepukiki.

Usipotangaza, mimi nakubali toleo jipya chini ya msimbo uleule, kwa sharti moja. Matoleo mawili yakiwa chini ya msimbo mmoja, kinachoyatenganisha ni namba ya bachi tu. Kama namba hiyo inaandikwa wakati wa kupakia, mteja wa Malindi akilalamika unaweza kufuata chupa yake hadi kwenye oda, na oda ikakuonyesha toleo. Viwanda vingi vidogo huandika bachi kwenye chupa lakini hati ya kupakia inasema tu katoni 200 za juisi ya ukwaju. Hapo toleo linaishia kwenye lango la ghala, na ukilazimika kurudisha shehena utarudisha zote, za zamani na mpya. Kiwanda kisichoandika bachi kwenye hati ya kupakia kifungue msimbo mpya wa bidhaa, na supamaketi zisajili upya.