Mvua ya saa tisa Moshi: kwa nini programu mbili za hali ya hewa hazipatani

"Niko Moshi mjini, Jumamosi tunamwaga zege. Leo Jumatatu programu moja kwenye simu inaniambia saa tisa alasiri mvua asilimia 70, nyingine asilimia 25 na kajua. Mji uleule, saa ileile. Ipi inadanganya?"

Pengine hakuna inayodanganya. Kabla ya kuuliza ipi ni sahihi, inafaa kuuliza kila moja inazungumzia mahali gani, muda gani, na inaposema "mvua" ina maana gani. Ukifika hapo utaona kwamba mara nyingi ni majibu mawili ya maswali mawili tofauti.

Tuanze na mahali. Programu nyingi hazitengenezi utabiri wenyewe. Zinauchukua kutoka kwa modeli chache kubwa za dunia, yaani mifumo ya kompyuta inayokokotoa mwenendo wa hewa: ECMWF ya kituo cha Ulaya, GFS ya Marekani, ICON ya Ujerumani. Modeli hizi huigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa hali moja ya hewa. Ile ya Ulaya ina miraba ya kilomita 9 hivi. GFS huendeshwa kwa kilomita 13, lakini toleo ambalo wengi hulipakua bure ni la robo digrii, yaani karibu kilomita 28 kwa upande.

Kwenye tambarare ya Dodoma tofauti hiyo si kubwa sana. Moshi ni habari nyingine. Ukitafuta alama ya robo digrii iliyo karibu zaidi na mji, unaangukia latitudo 3.25 kusini na longitudo 37.25 mashariki, na hapo si mjini tena, ni mtelemkoni upande wa Machame na Kibosho. Mraba wenye alama hiyo unaanzia mjini, unapita kwenye migomba na kahawa, unapanda msituni na kutokea juu ya msitu. Yote hayo yanapewa kimo kimoja cha wastani. Tuseme kimo hicho ni mita 1,700, wakati mji uko kwenye mita 800 na kitu. Kwa kuwa hewa hupoa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, mraba huo utakuwa na baridi kuzidi mji kwa nyuzi tano au sita. Programu makini hulijua hilo na kulirekebisha kwa kutumia ramani ya vimo.

Joto hurekebishika kirahisi. Mvua hairekebishiki hivyo. Mtelemko wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi zaidi kadiri unavyopanda hadi msituni, na huko, karibu mita 2,000, mvua ya mwaka ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mjini. Kwa hiyo programu inayosoma mraba wa mlimani inaweza kukupa mvua ya Kibosho ikiwa na jina la Moshi juu yake. Nyingine inaweza kuwa imesahihishwa kwa vipimo vya uwanja wa ndege wa KIA, ulio kwenye tambarare kavu magharibi ya mji, ikaegemea ukavu. Zote mbili zimeandika "Moshi".

Halafu kuna mvua yenyewe. Mvua ya alasiri huku kwetu mara nyingi hutoka kwenye wingu moja la radi lenye upana wa kilomita chache, dogo kuliko mraba. Modeli haiwezi kuliona wingu hilo. Inakadiria tu kwamba hewa ya namna hii huzaa mawingu ya namna ile, kisha inatandaza mvua kwenye mraba mzima. Wingu likimwaga milimita 10 kwenye sehemu moja kati ya kumi ya eneo, mraba mzima husomeka milimita 1. Programu moja itaichorea hiyo milimita 1 kiwingu chenye matone, nyingine itaona ni kidogo mno na kuchora jua lenye wingu. Namba ileile, picha mbili. Na hakuna picha inayokueleza kilicho kweli, kwamba sehemu tisa zitabaki kavu na moja italowa chapachapa.

Upande wa muda ndiko watu wengi hupotoshwa bila kujua. Kutoka Jumatatu hadi Jumamosi alasiri ni zaidi ya saa 120. Kwa umbali huo, ECMWF na GFS hazitoi tena namba kwa kila saa, bali kwa vipande vya saa tatu au zaidi. Ile "saa tisa" unayoiona imekatwa na programu kutoka kwenye kipande kirefu. Na asilimia nayo inategemea urefu wa kipande. Uwezekano wa asilimia 25 kwa kila saa, kwa saa sita, ungefika asilimia 82 kama kila saa ingejitegemea. Saa hazijitegemei hivyo, kwa hiyo jibu liko chini ya hapo, lakini utaona jinsi 25 ya saa moja na 70 ya alasiri nzima zinavyoweza kutoka kwenye anga lilelile.

Sasa, wapo wanaoshauri uchague programu moja na kushikamana nayo. Wana hoja. Ukiitumia programu moja miezi kadhaa unazijua tabia zake, kwamba huwahisha mvua kwa saa mbili au huogopa sana wakati wa masika. Anayeruka kutoka moja hadi nyingine huishia kuamini ile inayompa anachokitaka, na mwenye zege ataamini yenye jua.

Wengine husema linganisha, kwa kuwa tofauti yenyewe ni habari. Nami naegemea huku, kwa sharti moja. Programu mbili zikikubaliana si lazima ziwe mashahidi wawili. Yr ya Norwei, kwa mfano, hutegemea ECMWF kwa maeneo ya mbali kama Moshi. Ukiilinganisha na programu nyingine inayokula chungu hichohicho, umemsikiliza shahidi yuleyule mara mbili. Ulinganisho wenye maana ni wa modeli kwa modeli. Programu ya Windy inakuruhusu kuchagua ECMWF, GFS au ICON kwa jina. Zikitofautiana kwa Jumamosi huku zikikubaliana kwa Jumapili, umejifunza ni siku ipi anga lenyewe bado halijaamua.

Lakini kulinganisha hakutakupa saa. Wingu moja la radi kwa siku tano mbele halikamatiki kwa modeli yoyote ya dunia.

Kwa zege lako, basi, Jumatatu ni mapema mno kubishana juu ya saa tisa. Ijumaa jioni angalia tena, pamoja na utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania. Modeli huanza mzunguko mpya wa kukokotoa saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa saa zetu, na matokeo hutoka saa kadhaa baadaye. Programu mbili zinaweza kupishana kwa sababu moja bado inaonyesha mzunguko wa zamani. Soma jumla ya milimita za alasiri nzima. Kama modeli mbili tofauti bado zinaonyesha mvua baada ya saa nane, anza kumwaga saa moja asubuhi na uweke maturubai karibu, hata kama kuna programu inayochora jua.